Matundu Nane au Tisa?

Fundi amepewa karatasi ya kazi: bamba la chuma la urefu wa milimita 600, litobolewe matundu 8 ya milimita 14 kwenye mstari mmoja, yapite bolti za milimita 12. Senta ya tundu hadi senta ya tundu linalofuata ni 65. Kutoka kila ncha ya bamba hadi senta ya tundu la mwisho ni 40.

Tuijumlishe kabla ya kuwasha keekee. Matundu 8 yana nafasi 7 kati yake, si 8. Hapo ndipo wengi huteleza. Saba mara 65 ni 455. Ukiongeza 40 za ncha mbili unapata 535, na bamba ni 600. Zimepungua milimita 65.

Kiasi kilichopungua ndicho kinachotoa siri. Ni sawasawa na nafasi moja, kwa hiyo kuna tundu lililosahaulika: yakiwa 9, nafasi ni 8, yaani 520, na 80 za ncha zinatimiza 600. Hata hivyo, inawezekana pia aliyeandika alikosea urefu, na bamba lilipaswa kuwa 535. Hesabu haiwezi kuamua kati ya hayo mawili. Pima kifaa ambacho bamba litafungwa juu yake.

Upungufu wa 14 ungekuwa na habari nyingine. Hicho ni kipenyo cha tundu, dalili kwamba kwenye ncha zote mbili mtu alipima hadi ukingo wa tundu badala ya senta, akaacha milimita 7 kila upande. Kwenye bamba lililokwisha kutobolewa, senta haionekani, kwa hiyo pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa jingine. Kama matundu yana kipenyo kimoja, utapata umbali uleule wa senta kwa senta.

Lakini jumla sahihi haithibitishi kila tundu. Nafasi moja ikiwa 67 na inayofuata 63, jumla haitikisiki, ila bolti itagoma. Ndiyo maana sipendi kuhamisha tepu kutoka tundu hadi tundu: kosa la nusu milimita likirudiwa upande uleule mara nane limekuwa milimita 4, na tundu la 14 linaipa bolti ya 12 uhuru wa milimita 2 tu. Tepu ikae palepale kwenye ncha moja, na alama zisomwe 40, 105, 170, 235, 300, 365, 430, 495, 560. Matundu yakiwa 9, la tano lazima liangukie 300, katikati kabisa ya bamba. Mimi huanza kukagua hilo.