Chati tatu na rangi moja mbele ya Mkuu wa Wilaya

Kila robo mwaka, katika wilaya za Tanzania, Mkuu wa Wilaya hukaa na mkurugenzi, wakuu wa idara na watendaji wa kata kutathmini utekelezaji wa mkataba wa lishe. Afisa lishe huitwa mbele awasilishe. Kwa kawaida huja na slaidi nyingi, kila moja imejaa jedwali lililonakiliwa kutoka Excel, na dakika kumi za kusema. Anamaliza, anapigiwa makofi ya adabu, kikao kinahamia ajenda inayofuata. Pesa haikuombwa, na kama iliombwa hakuna aliyesikia.

Kuna njia nyingine, nayo inahitaji chati tatu tu. Zote zinapakwa kijivu isipokuwa sehemu moja, na sehemu hiyo inapewa rangi ileile kuanzia chati ya kwanza hadi ya mwisho. Ili tuone inavyofanya kazi, tumchukue afisa lishe wa wilaya mojawapo ya mkoa wa Njombe. Maneno nitakayomwekea mdomoni ni yangu. Takwimu ni za tafiti za kitaifa.

Hoja yake ni udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Mwaka 2004–05, kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 44 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa 42, mwaka 2015–16 walikuwa 34, na mwaka 2022 walikuwa 30. Njombe ilikuwa na 49 mwaka 2015–16, ikawa na 54 katika utafiti wa lishe wa 2018, na 50 mwaka 2022. Nchi imeteremka, Njombe imebaki ilipo.

Hiyo ndiyo chati ya kwanza: mistari miwili. Wa Tanzania ni wa kijivu, mwembamba. Wa Njombe ni wa rangi ya chungwa, mnene. Hakuna kisanduku cha ufafanuzi pembeni, bali jina limeandikwa mwishoni mwa kila mstari, "Njombe 50" na "Tanzania 30", ili mtu aliyekaa nyuma asihangaike kulinganisha rangi na maelezo. Afisa anaanza hivi:

"Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ndugu wajumbe. Mstari wa kijivu ni nchi yetu. Umeshuka kutoka 44 hadi 30. Wa chungwa ni mkoa wetu, na haujashuka. Nina chati tatu tu leo. Popote mtakapoona rangi ya chungwa, hapo ndipo ninapowaomba mtazame."

Sentensi ile ya mwisho ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, na tutairudia tukifika chati ya tatu. Kwanza kuna mitego miwili katika chati hii. Excel ukiiambia ichore mstari wa kawaida hupanga miaka kwa nafasi sawasawa, kana kwamba toka 2015 hadi 2018 ni sawa na toka 2018 hadi 2022. Mteremko unapotoka. Dawa yake ni kuchagua aina inayoitwa Scatter, yenye mistari, ambayo huweka kila mwaka mahali pake. Mtego wa pili ni mjumbe atakayeuliza kwa nini mstari wa Njombe unaanza katikati. Jibu ni kwamba mkoa ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo watoto wake walihesabiwa Iringa. Afisa alisema jambo hilo mwenyewe kabla hajaulizwa, hapati tabu. Akingoja aulizwe, anaonekana anaficha.

Na kwa nini chungwa? Wengi wangekimbilia nyekundu. Lakini wajumbe hawa wamezoea kadi alama ya lishe, ambamo kijani ni aliyefaulu, njano ni wa katikati na nyekundu ni aliyeshindwa. Ukimwonyesha mkurugenzi nyekundu, anaacha kusikiliza na kuanza kuandaa utetezi. Kijani na njano nazo zina mambo yake. Katika nchi hii zikikaa pamoja ukutani watu hufikiria chama kabla ya kufikiria watoto. Chungwa haina mzigo huo Njombe. Angekuwa Kenya, ambako rangi hiyo imekuwa ya ODM kwa miaka mingi, ningemshauri achukue nyingine. Zaidi ya hayo, baadhi ya watu, hasa wanaume, huchanganya nyekundu na kijani, na vikao vyetu bado vimejaa wanaume.

Chati ya pili inaweka mikoa 26 ya Tanzania Bara kwa takwimu za 2022. Nguzo zinalazwa, kwa sababu majina ya mikoa yakisimamishwa wima watu hupinda shingo. Zinapangwa kuanzia ndefu kuja fupi, si kwa alfabeti, na zote zinaanzia sifuri. Juu kabisa ni Iringa yenye 57, kisha Njombe na Rukwa zenye 50 kila moja. Njombe peke yake ndiyo ya chungwa.

Hapa mkono huwasha. Iringa ndiyo ndefu kuliko zote, mbona isipakwe nayo? Isipakwe. Ikipakwa, macho ya ukumbi yanahamia huko, na kabla afisa hajavuta pumzi mtu atasema, "Kumbe sisi afadhali." Kikao kinageuka kuwa faraja. Iringa ibaki kijivu pamoja na urefu wake wote, na afisa aitaje kwa mdomo kwa sababu anayoitaka yeye:

"Waheshimiwa, tazameni tulio nao huku juu. Iringa, Rukwa. Ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi yanatoka huku, viazi vinatoka huku. Kwa hiyo hatuwezi kusema watoto wetu wamedumaa kwa sababu ghala ni tupu. Kama si ghala, ni nini?"

Sasa chati ya kwanza imeonyesha kwamba hatuendi, ya pili imeondoa kisingizio kinachotolewa kila mara, na swali limebaki wazi. Bila swali hilo, chati ya tatu ingekuwa picha nyingine tu.

Chati ya tatu inaonyesha udumavu kwa umri wa mtoto, kwa miezi. Umbo lake hujirudia katika tafiti nyingi za nchi kama yetu: katika miezi sita ya kwanza udumavu ni mdogo, kisha unapanda kwa kasi hadi mtoto anapokaribia miaka miwili, halafu kasi inaisha. Nguzo zote ni za kijivu isipokuwa zile za mwezi wa 6 hadi wa 23.

Mawasilisho mengi hufia hapa. Kama mwanzoni afisa alisema "chungwa ni Njombe," sasa amenaswa, kwa kuwa nguzo hizi za chungwa ni umri, si mkoa. Tena takwimu zenyewe ni za Tanzania nzima. Watoto waliopimwa katika mkoa mmoja ni wachache mno ukiwagawa tena kwa makundi ya umri, na namba zitakazotoka zitayumba ovyo. Mjumbe makini atadhani anaoneshwa watoto wa Njombe, na akigundua kwamba sivyo, ataanza kuzitilia shaka hata chati mbili zilizopita. Ndiyo maana tangu mwanzo chungwa ilitangazwa kuwa alama ya "tazameni hapa." Hata hivyo afisa anapaswa kulisema badiliko waziwazi, na kuandika "Tanzania" kwenye kichwa cha chati kwa herufi zinazosomeka:

"Hizi ni takwimu za nchi nzima, si za mkoa wetu. Lakini ulishaji wa mtoto hauna mipaka ya mkoa. Miezi hii ya chungwa ndiyo mtoto anaanzishiwa chakula. Nyumba ina mahindi, mtoto anapewa uji wa mahindi matupu, mama yuko shambani tangu asubuhi. Tunachokosa si gunia. Ni maharage, yai na mboga ndani ya bakuli la mtoto wa miezi minane, na mtu wa kumlisha mara za kutosha."

Maswali yatakuja. Mkuu wa Wilaya atauliza: "Hiyo 50 ni ya wilaya yangu?" Hapana. Utafiti ule umepangwa kutoa picha ya mkoa, hauwezi kushuka hadi wilaya, na afisa asikubali kushawishika kuigawa. Mwingine ataona 49, 54, 50 na kusema tulipanda kisha tukashuka. Hapo pia asikubali. Kila namba inatokana na sampuli, na ile ya 2018 ni ya utafiti wa aina nyingine. Tofauti ya pointi chache haithibitishi chochote. Kinachothibitika ni kwamba Njombe imekaa karibu na nusu wakati nchi imefika 30, na pengo la pointi 20 haliwezi kuelezwa kwa bahati ya sampuli.

Jambo moja la ofisini. Makabrasha ya kikao hutolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, na projekta ikikutana na dirisha lisilo na pazia rangi hufifia. Kwa hiyo chungwa iwe nzito, mfano `#D95F02`, na kijivu kiwe chepesi, mfano `#BFBFBF`. Kisha toa fotokopi moja nyumbani kabla ya kikao. Kama nguzo ya Njombe bado inajitokeza kwa weusi wake, umepona. Kwenye Excel, ukibofya nguzo mara moja zote huchaguliwa; bofya tena ile moja, ndipo ubadilishe rangi yake peke yake.

Baada ya chati ya tatu hakuna slaidi ya "Ahsanteni kwa kunisikiliza." Miezi ile ya chungwa inabaki ukutani wakati afisa anaomba. Halmashauri zimeagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Tuseme wilaya ina watoto 30,000: hizo ni shilingi milioni 30. Afisa haombi zitengwe, maana kutengwa zilishatengwa kwenye bajeti. Anaomba zitolewe robo hii, na ziende kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kwa mafunzo ya ulishaji yanayowalenga wazazi wa watoto wa miezi 6 hadi 23. Mkurugenzi yupo, mweka hazina yupo. Afisa asizime projekta hadi kiasi na tarehe ya kutolewa viandikwe kwenye muhtasari wa kikao.