Ujumbe kwa Ndugu Achukuaye Gari Bila ya Idhini

Miongoni mwa kesi tuletewazo za ndugu waliokosana, chache huanza na jambo kubwa. Nyingi huanza na kitu kidogo kilichochukuliwa mara kwa mara, mwenyewe akanyamaza mara kwa mara, hata siku moja kimya kikapasuka. Juma hili tumechagua kuzungumzia ufunguo wa gari.

Familia moja ya hapa Mombasa ina gari lililonunuliwa kwa michango ya ndugu watatu wakubwa, nalo limeandikishwa kwa jina la dada yao. Walilinunua kwa ajili ya mama yao, ambaye kila Jumatatu na Alhamisi hupelekwa hospitali alfajiri kusafishwa damu kwa mashine ya figo. Siku nyengine hutumiwa na yeyote mwenye haja. Ndugu yao wa mwisho, kijana mwenye leseni na mwenye mapenzi makubwa na mama yake, amezoea kuuchukua ufunguo wa akiba ulioangikwa jikoni baada ya sala ya Isha, akatoka bila ya kumwambia mtu. Alhamisi moja mama aliingizwa garini, na taa ya mafuta ikawa inawaka. Walipomaliza kutafuta petroli na kuvuka msongamano wa magari, walikuwa wamechelewa karibu saa nzima. Mashine ile ina zamu, na mgonjwa wa zamu ifuatayo naye ana haki yake. Basi mama akasafishwa kwa muda uliopunguzwa, akarudi nyumbani na miguu iliyovimba.

Kijana alipoulizwa alijibu kwa moyo safi: "Kwani sisi si nyumba moja?" Jibu hili halifai kudharauliwa, kwani lina asili katika sheria. Katika aya ya 61 ya Sura An-Nur, Mwenyezi Mungu ameondoa lawama kwa mtu kula katika nyumba za wazazi wake, za ndugu zake, na zile ambazo yeye hushika funguo zake. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wakaeleza kwamba msingi wake ni ridhaa: ukiwa na yakini au dhana yenye nguvu kwamba mwenye kitu yu radhi, waweza kukitumia ingawa hakutamka. Lakini wakaongeza kwamba ridhaa hiyo hupimwa kwa kitu chenyewe. Sahani ya wali haina hukumu moja na gari. Tena dhana ya ridhaa huvunjika papo hapo mwenyewe anaposema kwamba hayuko radhi mpaka aombwe.

Hapa ndipo palipo na faida ya kusema wazi. Maadamu ndugu wakubwa wananung'unika wao kwa wao, kijana ana udhuru, nao wanakaribia kuingia katika kusengenya. Wakishamwambia, udhuru wake umekwisha: akiomba akapewa, hiyo ni azima, akichukua pasi na kuomba, hiyo ni ghasbu, hata kama mwenye mali ni ndugu wa tumbo moja.

Tuliwashauri wasimwite kijana kikaoni mbele ya wajomba, kwani kikao humfanya mtu ajitetee. Wamwandikie ujumbe mmoja kwa simu, kwa mkono wa dada yake amwitaye Bitinho na ambaye yeye humsikiliza. Ujumbe walioutuma, kwa ruhusa yao, ni huu:

"Mdogo wetu mpenzi, salamu. Gari limetushitaki. Lasema kila usiku lapelekwa matembezi na kila asubuhi laamka na njaa. Sisi hatukukatazi kulitumia. Wewe ni wa nyumba hii, nasi twafurahi ukipata la kukupeleka kwenye haja zako. Ila kuanzia leo tushikane kwa manne. La kwanza, uniombe kabla ya kushika ufunguo, uniambie waenda wapi na warudi saa ngapi, nawe ungoje nikujibu. Nikinyamaza, kimya changu si ndiyo, huenda nimelala. La pili, usiku wa kuamkia Jumatatu na Alhamisi gari halitoki, maana ni la mama. La tatu, lirudi na mafuta yasiyopungua uliyoyakuta. La nne, usukani ni wako peke yako, usimpe rafiki. Na likikwaruzwa, niambie usiku uleule, nami naahidi nitasikiliza kwanza, nitakemea baadaye. Ufunguo wa jikoni tumeuhamisha, sasa wakaa kwangu. Mama hajui habari hii, wala hana haja ya kuijua. Dadako."

Msomaji atazame namna lilivyopangwa jambo hili. Mzaha umewekwa mwanzoni ili kuondoa haya, lakini hakuna mzaha ndani ya masharti yenyewe. Mtu akitania katika sharti, msikiaji hulichukua lile linalomfaa. Wala ujumbe haukuhesabu makosa yaliyopita. Mwenye kuhesabiwa hujibu hesabu, na sharti husahauliwa.

Sharti la nne ndilo linalohitaji ufafanuzi. Kwa madhehebu yetu, aliyeazimwa kitu hana ruhusa ya kumwazima mwengine bila ya idhini ya mwenyewe. Tena azima ina dhamana. Mtume (s.a.w.) alipoazima deraya kwa Safwan bin Umayya wakati wa Hunayn, katika mwaka wa 8 wa Hijria, Safwan aliuliza kama zinachukuliwa kwa nguvu, akahakikishiwa kwamba ni azima yenye dhamana. Kwa hiyo kitu kikiharibika mkononi mwa aliyeazimwa hukilipa, hata asipofanya uzembe, isipokuwa uchakavu utokao katika matumizi aliyoruhusiwa. Tairi kulika kwa mwendo wa kawaida si deni lake; taa iliyovunjika ni deni lake.

Wako wasemao kwamba bima italipa. Na waisome kwanza hati yao. Bima ya wahusika wa tatu hulipa madhara waliyopata watu wengine, haitengenezi gari lenyewe. Na ile bima kamili huacha sehemu ya gharama kwa mwenye gari, na mara nyingi sehemu hiyo huongezeka dereva akiwa kijana au mwenye leseni changa. Rafiki asiye na leseni akishika usukani, kampuni ina njia ya kukataa kulipa. Ndugu na wakubaliane mapema nani atailipa sehemu hiyo, kabla ya ajali na si baada yake.

Ubaki wajibu wa upande wa pili. Mwenye kuweka sharti la kuombwa sharti awe mwepesi wa kujibu. Dada akipokea ombi saa kumi akajibu saa tatu ya usiku, atakuwa amemfundisha nduguye kwamba kuomba hakufai kitu. Na asipokuwa na sababu ya kukataa, ampe. Sura Al-Maun imewalaumu wanaozuia vyombo vya kusaidiana.

Dalili ya kwamba ujumbe umefaa si kijana kuacha kulitumia gari. Akiacha kabisa, huenda amenuna, na hapo dada amwite yeye mwenyewe amtume kwa gari hilo, apate kujua mlango uko wazi. Dalili njema ni kuona ombi limekuja mchana, likajibiwa, na Alhamisi alfajiri mama akakuta tangi lina mafuta.

Wallahu aalam.