Usisaini ripoti ya keja kabla ya kufungua mfereji

Umepata keja, umelipa dipoziti, na sasa landilodi anakupa karatasi yenye orodha na picha za kasoro zilizomo: kioo kilichopasuka, rangi iliyobanduka. Anataka usaini. Hiyo si mtego, inaweza kukukinga. Lakini ukishasaini, kasoro isiyoandikwa itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba uliikuta.

Picha huonyesha ukuta, haionyeshi maji yanavyopita. Kwa hivyo jaza sinki, achilia maji, kisha uiname utazame kama bomba linavuja. Flashi choo. Chomeka chaja kwenye kila soketi. Funga kila mlango kwa ufunguo wake.

Tuseme bomba linavuja na halimo kwenye orodha. Ukiambiwa "tutarekebisha baadaye", sawa, lakini iandikwe. Chukua kalamu, andika kwenye nakala zote mbili: "Bomba chini ya sinki la jikoni linavuja." Nyote wawili msaini kando yake na kutia tarehe. Piga picha, mtumie kwa WhatsApp siku hiyo hiyo.

Nakala yako itunze hadi dipoziti irudi mfukoni.