Vizibo Saba na Jiwe Moja

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia michezo shuleni, niliandaa mashindano ya madarasa kwa mtoano. Tulikuwa na timu saba: kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu vilikuwa na mikondo miwili kila kimoja, A na B, na kidato cha nne kilikuwa na mkondo mmoja. Alhamisi ya kwanza zikachezwa mechi tatu. Jua lilipozama, madarasa matatu yalikuwa yameshatolewa. Kijana mmoja wa Kidato cha 1B alikuwa ameazima viatu vya kaka yake, akavijaza karatasi kwenye ncha ili vimkae. Alicheza dakika 30. Kesho yake akavirudisha, na wiki zote zilizobaki akawa mtazamaji.

Mtoano hauna huruma na wanaojifunza, kwa sababu unaanza kuwaondoa wale wale wanaohitaji uwanja zaidi. Kwa timu saba unatoa mechi sita tu, na nyingi wanazicheza wale ambao tayari wanaujua mpira. Mwaka uliofuata nikahamia mfumo wa ligi, yaani kila darasa likutane na kila darasa mara moja. Hesabu yake ni nyepesi: timu saba, kila moja ina wapinzani sita, saba mara sita ni 42, gawa kwa mbili kwa kuwa kila mechi ina timu mbili. Unapata mechi 21. Kila darasa linacheza mechi sita, liwe linashinda au linafungwa.

Kazi ni kuzipanga hizo 21. Wengi huandika majina ubaoni na kuanza kuyaoanisha kwa kichwa. Raundi mbili za kwanza zinakwenda vizuri, ya nne inaanza kubana, na ya sita unakuta madarasa mawili yaliyobaki yalishacheza. Unafuta, unaanza upya. Kuna njia ya zamani isiyokwama, nami huifanya mezani kwa vizibo vya soda.

Chukua vizibo saba, uviandike namba 1 hadi 7. Madarasa yapige kura kuchukua namba. Tafuta na kijiwe kimoja, hicho ndicho mapumziko, maana timu zikiwa witiri lazima kila siku moja ikae nje. Panga safu mbili zinazotazamana. Safu ya juu, kutoka kushoto: jiwe, 1, 2, 3. Safu ya chini: 7, 6, 5, 4. Wanaotazamana ndio wanaocheza, na aliye chini ya jiwe anapumzika. Kwa raundi inayofuata jiwe haliguswi. Vizibo vyote vinasogea hatua moja kwa kuzunguka: 7 anapanda juu akae kando ya jiwe, 1 na 2 wanasogea kulia, 3 anashuka chini, 4 na 5 wanasogea kushoto, na 6 anaingia chini ya jiwe. Ukizungusha mara saba, kila kizibo kinarudi kilipoanzia. Kisiporudi, ujue kuna mahali uliruka. Ratiba yote inatoka hivi, mechi zikiwa katika mpangilio wa kuchezwa:

Raundi 1: 1–6, 2–5, 3–4 (7 anapumzika)
Raundi 2: 7–5, 1–4, 2–3 (6 anapumzika)
Raundi 3: 6–4, 7–3, 1–2 (5 anapumzika)
Raundi 4: 5–3, 6–2, 7–1 (4 anapumzika)
Raundi 5: 4–2, 5–1, 6–7 (3 anapumzika)
Raundi 6: 3–1, 4–7, 5–6 (2 anapumzika)
Raundi 7: 2–7, 3–6, 4–5 (1 anapumzika)

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na ni kosa ambalo halionekani kwenye karatasi. Uwanja wetu ni mmoja. Mechi ya kwanza huanza saa 10:00 alasiri, ya pili saa 10:40, ya tatu saa 11:20. Kila mechi ina vipindi viwili vya dakika 15, mapumziko ya dakika tatu, na dakika chache za timu kupishana. Kwa karatasi tunamaliza kabla ya saa 12. Kwa kweli, mkutano wa gwaride ukichelewa robo saa, anayelipa deni hilo ni mechi ya tatu: giza linaingia, refa anafupisha kipindi cha pili. Mwaka ule niliona vyema kuweka mechi kali mwisho ili watazamaji wasiondoke. Kidato cha nne na 3A wakawa wanacheza gizani karibu kila siku. Mechi walipata sita kama wengine, lakini dakika walipata pungufu, na walikuja kunilalamikia kwa haki.

Dawa ilikuwa pale pale mezani na mimi ndiye niliyeivuruga. Soma ratiba hiyo kwa kushuka badala ya kwenda upande. Katika safu ya mechi za saa 10:00, kila namba inatokea mara mbili. Safu ya saa 10:40, vivyo hivyo. Safu ya saa 11:20, vivyo hivyo. Mzunguko wenyewe unagawa saa nzuri na saa mbaya kwa usawa, mradi usiguse mpangilio: walio karibu na jiwe wacheze kwanza, walio mbali nalo wacheze mwisho, kila siku. Zawadi hii inakuja timu zikiwa witiri. Zikiwa shufwa, tuseme nane, jiwe linaondoka na nafasi yake inakaa timu ambayo haisogei, kwa hiyo itaangukia saa ile ile siku zote. Hapo itabidi uzungushe saa za mechi kwa mkono na uhesabu kila darasa limecheza mwisho mara ngapi.

Darasa linalopumzika huwa tunalipa kazi: washika vibendera wawili, mtunza muda, na mwandishi wa matokeo. Lina kazi nyingine pia. Timu isipotokea, desturi ni kumpa aliyefika mabao matatu ya mezani. Pointi amepata, lakini dakika 30 za kucheza zimempotea, naye hana kosa. Kwa hiyo tunasubiri dakika kumi, tunaandika ushindi wake, kisha anacheza mechi ya kirafiki na darasa la mapumziko.

Mvua nayo ina kanuni yake. Ikivunja siku, usichomoe mechi moja na kuibandika Jumanne nyingine, kwa maana utakuta darasa linacheza mara mbili jioni moja. Raundi nzima isogezwe, nyingine zote zisogee nyuma yake. Tunacheza Jumanne na Alhamisi, hivyo raundi saba zinachukua wiki nne na kubaki na Alhamisi ya mwisho mkononi kwa ajili ya mvua.

Bado kuna usawa wa ndani ya darasa. Nahodha akiachiwa, atachezesha wale wale 11 mechi zote sita. Tuliweka sharti kwamba wachezaji wa kipindi cha pili wawe wengine kabisa, kwa hiyo kila darasa linasajili 22. Kidato cha nne walinung'unika sana wiki ya kwanza. Lakini dakika 15 kwa mechi sita ni dakika 90, mechi kamili ya mpira, kwa kila mmoja wa vijana 154.

Madarasa yakifika 12, njia hii peke yake haitoshi, kwa kuwa mechi zinakuwa 66 na muhula unaisha. Gawa makundi mawili ya sita sita, upate mechi 30, na kila darasa libaki na mechi tano za uhakika. Wasichana wanatumia vizibo hivyo hivyo kwa netiboli, siku zile zile, uwanja wa pili.

Mwaka ule wa ligi, 1B walimaliza wa sita kati ya saba. Mechi tano za mwanzo walifungwa zote. Ya sita, Alhamisi ya mwisho, walitoka sare ya bao moja na 2A, na bao lao lilifungwa na kijana wa viatu vya karatasi. Safari hii alikuwa kidato cha pili akiwachezea 2A, na alijifunga mwenyewe akiokoa kona. Alikuwa na bao jingine upande wa pili, dakika nne baadaye.