Foleni ya Wadai wa Kampuni Iliyofilisika

Januari 2020, wadai wa Nakumatt walipiga kura duka hilo kubwa la Kenya lifungwe kabisa. Mle kulikuwa na benki, wenye majengo, wauza maziwa na unga. Wote walidai, ila hawakusimama sawa kwenye foleni.

Foleni hiyo husomeka katika taarifa ya mali na madeni, ambayo wakurugenzi huiandika na kuithibitisha kwa kiapo. Humo kila mali ina bei mbili: ile ya vitabuni, na ile ambayo mnunuzi wa leo angeitoa. Ya pili ndiyo inayouma.

Tuchukue mfano wa kubuni, kiwanda cha mikate. Vitabuni jengo ni shilingi milioni 60. Mashine, magari, unga na madeni ya wateja ni milioni 45. Madeni yote ni milioni 81, kwa hiyo wenye hisa wanajiona wamebakiwa na milioni 24. Lakini sokoni jengo ni milioni 40, na vilivyobaki ni milioni 20 tu. Oveni iliyong'olewa ukutani hununuliwa kwa bei ya kutupa, na mteja akisikia kampuni imekufa huanza kubishania deni lake.

Benki inadai milioni 50 na jengo limewekwa rehani kwake. Inalichukua, inapata milioni 40, na kwa milioni 10 iliyopungua inakwenda kusimama na wasio na dhamana.

Zile milioni 20 zinaanza na gharama za ufilisi, milioni 3. Kisha wafanyakazi, milioni 5. Sheria ya Kenya ya 2015 inawapa kipaumbele kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho, isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja. Kinachozidi hapo hushuka chini. Baada yao kodi walizokatwa wafanyakazi hao, milioni 4.

Zimebaki milioni 8. Wanaozingojea ni wauza unga wenye milioni 22 na benki na ile milioni 10 yake. Hapo hakuna wa kwanza wala wa mwisho: kila shilingi inalipwa senti 25. Wenye hisa, ambao zamu yao huja baada ya wadai wote kulipwa, hawapati kitu.

Muuza unga mjanja haishii kwenye hesabu. Anauliza kama rehani ya benki ilisajiliwa ndani ya siku 30 za kuwekwa kwake, maana isiyosajiliwa haina nguvu mbele ya mfilisi. Ikigundulika haikusajiliwa, jengo linarudi kwenye chungu cha wote. Benki inashuka na milioni 50 zake zote, zinagawanywa milioni 48 kwa madeni ya milioni 72, na shilingi ya muuza unga inapanda kutoka senti 25 hadi karibu 67.