HbA1c Inapobishana na Mashine ya Nyumbani

Mama mmoja wa miaka 44, mgonjwa wa kisukari, alinijia kliniki na daftari lake. Kwa majuma sita alikuwa amejipima sukari nyumbani, kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, na wastani ulikuwa 7.5. Lakini HbA1c, kile kipimo cha maabara kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi mitatu, ilikuwa asilimia 7.9, yaani kana kwamba wastani wake ulikuwa karibu 10. Kwingineko alikokwenda aliambiwa anaandika uongo, akaongezewa glibenklamaidi. Juma lililofuata aliamka usiku akitetemeka na kulowa jasho. Mashine ilisoma 3.1.

HbA1c haipimi sukari yenyewe. Hupima sukari iliyonata kwenye himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Chembe ikikaa sana hunatwa na sukari zaidi. Kwa hivyo umri wa chembe ukibadilika, jibu nalo hubadilika, hata kama sukari ni ile ile.

Mama huyu alikuwa na hedhi nzito kwa muda mrefu. Himoglobini yake ilikuwa 8.8, na akiba ya madini ya chuma ilikuwa imekwisha. Mwili uliokosa chuma hutengeneza chembe mpya chache. Zinazobaki ni kongwe, na HbA1c hupanda bure.

Hata hivyo sikuiamini mashine yake hivi hivi. Tulitoa damu ya mshipa na ya kidole kwa wakati mmoja: maabara ikasema 7.0, mashine 7.4. Tofauti hiyo ni ya kawaida. Isitoshe, upungufu wa damu huzifanya mashine nyingi zisome juu kidogo, wala si chini. Daftari lilisema kweli. Nilimrudishia dozi yake ya zamani, nikampa vidonge vya chuma na kumpeleka kwa daktari wa wanawake.

Selimundu huvuta upande wa pili. Kwa mgonjwa wa selimundu chembe hufa mapema, na HbA1c huonekana nzuri huku sukari ikimdhuru. Kwake kipimo hiki hakifai. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, jambo la kawaida kandokando ya Ziwa Viktoria na Pwani, huenda hajui kabisa. Chembe zake huishi karibu kama za kawaida, ila jibu laweza kushuka kidogo, na mitambo mingine ya maabara huisoma vibaya himoglobini yake. Mtu kama huyo aulize maabara inatumia mtambo gani. Pia kuna kipimo cha fruktosamini, kinachotazama protini za damu kwa majuma mawili au matatu yaliyopita, bila kutegemea chembe nyekundu.

Mama wa daftari hatukumrudia mapema, kwa kuwa chuma huleta chembe changa kwa wingi na HbA1c hushuka kupita kiasi kwa muda. Baada ya miezi sita himoglobini ilikuwa 12.4 na HbA1c 6.5. Wastani wa daftari ulikuwa 7.6.