Sanamu ya Bronzi Iliyopungua Kimo

Je, wajua kwamba sanamu bandia ya bronzi mara nyingi huwa fupi kuliko halisi? Bronzi iliyoyeyuka husinyaa inapopoa, kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2. Msubuji halali huanzia kwenye plasta ya msanii, kwa hiyo nakala zake zote hupungua kiasi kilekile. Mghushi hana plasta hiyo. Hununua sanamu ya bronzi iliyokwisha kusinyaa, anaitolea kalibu, kisha anamimina upya. Hapo kimo hupungua mara ya pili.

Chukua Mfikiri wa Auguste Rodin, yule mdogo wa sentimita 71 hivi. Nakala iliyotolewa juu ya nakala hubaki na 70 tu. Kwa hiyo mwombe muuzaji picha yenye rula iliyosimama sambamba na sanamu, kamera ikiwa mbali, kwenye usawa wa kiuno cha sanamu, maana picha ya karibu hupotosha vipimo. Ni vizuri zaidi kupima mwili wenyewe, kwani kitako huweza kuongezwa unene.

Wanunuzi wengi hukimbilia mhuri wa kiwanda, na hapo ndipo wanaponaswa. Kalibu huchukua kila kitu, herufi za mhuri nazo zimo. Dalili ni ulegevu: kingo za herufi zimefifia, na ukitazama vidole na nywele utaona navyo vimepoteza ukali.

Hata hivyo mhuri hutoa ushahidi wa tarehe. Alexis Rudier, mwenye kiwanda cha Paris, alifariki mwaka 1897, lakini mwanawe Eugène aliendelea kuweka jina la baba kwenye kazi zake hadi alipofariki mwaka 1952. Georges, mpwa wa Eugène, alitumia jina lake mwenyewe. Basi sanamu yenye “Alexis Rudier Fondeur Paris” inayodaiwa kumiminwa mwaka 1965 inajipinga yenyewe. Vivyo hivyo namba 3/8 kwenye sanamu inayosemwa ni ya mwaka 1910: utaratibu wa Ufaransa wa nakala 12, yaani 8 zenye namba na 4 za msanii, ulikuja muda mrefu baada ya Rodin kufariki mwaka 1917.

Mshono nao husema. Kiwanda makini husaga na kupiga patasi mstari wa kalibu hadi utoweke. Ukiuona unapita wazi juu ya sikio au bega, kazi ilifanywa kwa haraka.

Rangi ndiyo ya mwisho, kwa kuwa mwanga wa picha hudanganya. Patina halisi huunguzwa juu ya bronzi kwa kemikali na moto, na miaka ya kushikwa huing’arisha kwenye pua na magoti huku mashimoni ikibaki nyeusi. Rangi ya kupakwa hukaa sawasawa kila mahali. Tafuta palipokwaruzika: bronzi huonyesha dhahabu-kahawia, zinki iliyopakwa rangi huonyesha kijivu.